Mtoto mchanga kalala na saa ya kumfuata dada yake shule imefika: tatizo liko wapi na unalirekebishaje

Naandika hii kwa wale wenye mtoto wa kati ya miezi mitano na mwaka mmoja na nusu hivi, na mwingine mkubwa yuko chekechea anatoka saa sita au saa sita na nusu mchana, na wewe ndo unayemfuata. Ndo hali niliyokuwa nayo mimi hapa Dar: wa kiume ana miezi minane, dada yake ana miaka mitano, shule iko mwendo wa dakika saba hivi kwa miguu. Karibu miezi miwili siku zangu zilikuwa zinavurugika kuanzia saa sita mchana mpaka usiku na nilikuwa nahisi mtoto ndo msumbufu, kumbe ni saa nilizokuwa nimezipanga vibaya.

Kabla hujaanza kubadilisha kitu, siku tatu andika kwenye simu vitu vitatu tu: kaamka saa ngapi asubuhi, kila usingizi wa mchana umeanza na kuisha saa ngapi, na umetoka saa ngapi kwenda shule na kurudi saa ngapi. Usiandike kwa kukumbuka jioni, andika palepale. Mi nilipoandika ndo nikaona naondoka nyumbani saa sita na dakika kumi na tano lakini narudi saa saba kasoro dakika kumi, sio saa sita na nusu kama nilivyokuwa nadhani, kwa sababu kuna kusubiri getini, kuna kuongea na mwalimu, kuna mkubwa anasimama kila duka. Zile dakika ishirini za ziada ndo zilikuwa zinaniua.

Hesabu yenyewe inaanzia mwisho kurudi nyuma

Wengi tunaanza asubuhi tunasema akisinzia nitamlaza, halafu tunaona siku itatupeleka wapi. Ukiwa na shule katikati ya siku hiyo haifanyi kazi, maana saa ya shule haisogei. Anza na saa unayorudi nyumbani.

Kwangu: narudi saa saba kasoro dakika kumi. Kunawa, kubadilisha pampasi, kunyonya, ni dakika ishirini na tano, kwa hiyo kitandani ni saa saba na robo. Mtoto wa miezi minane anaweza kukaa macho kama masaa mawili na nusu mpaka matatu kati ya usingizi na usingizi, wangu huo wa pili ulikuwa unakuja vizuri akikaa macho masaa mawili na dakika arobaini na tano. Toa hapo, inabidi awe ameamka saa nne na nusu asubuhi. Usingizi wake wa kwanza una urefu wa saa moja na nusu, kwa hiyo unaanza saa tatu. Na ili asinzie saa tatu bila vita inabidi awe ameamka kama masaa mawili na nusu kabla, yaani saa kumi na mbili na nusu. Hapo nikapata ratiba nzima: kuamka kumi na mbili na nusu, usingizi saa tatu mpaka nne na nusu, shule, usingizi saa saba na robo mpaka saa tisa kasoro robo, halafu kausingizi ka dakika ishirini saa kumi na nusu, na usiku analala saa mbili kasoro.

Mtoto wako akiwa mdogo zaidi, miezi mitano hivi, muda wa kukaa macho ni mfupi, saa moja na nusu mpaka masaa mawili na kidogo, hesabu ni ileile ila vipande vinaongezeka. Chini ya miezi minne usihangaike na ratiba kabisa, mchanga wa umri huo bado usingizi wake haujatulia, mbebe uende naye alale akilala.

Dalili: saa ya kutoka imefika na yeye ndo kwanza ana dakika kumi kitandani

Hapa wote tunalaumu usingizi wa pili, tunajaribu kumchelewesha au kumuwahisha, na haisaidii. Chanzo mara nyingi kiko kwenye usingizi wa kwanza. Angalia ulivyoandika: siku hizo utakuta aliamka mapema sana, tuseme kumi na mbili kasoro robo, akasinzia saa mbili na robo ukamlaza, akalala dakika arobaini akaamka. Dakika arobaini kwa mtoto ni kama mzunguko mmoja tu wa usingizi, anafika mwisho wa mzunguko, anashtuka, na kwa sababu hakuwa amechoka vya kutosha hawezi kujirudisha. Sasa kaamka saa tatu kasoro, piga hesabu, saa tano na nusu au sita kasoro kashachoka tena, analala, na wewe saa sita na robo unatakiwa mlangoni.

Kwa hiyo dawa ni kusogeza ule wa kwanza mpaka saa tatu, lakini sio siku moja. Msogeze dakika kumi na tano, kaa hapo siku mbili tatu, sogeza tena. Zile dakika za mwisho mtoe nje, mwanga na hewa vinamshikilia kuliko kumchezea ndani kwenye giza la sebule. Na asubuhi akiamka kabla ya kumi na mbili usiwashe taa wala usimtoe chumbani haraka, mnyonyeshe kwenye giza, ukifanya saa kumi na moja na nusu iwe ndo mwanzo wa siku mwili wake utaizoea hiyo.

Upande wa pili na wenyewe upo: akilala wa kwanza kupitiliza saa nne na nusu, mwamshe. Najua tumelelewa kwamba mtoto aliyelala haamshwi, mama yangu mwenyewe aliniambia "mwache mtoto anakua huyo", na mimi namheshimu, ila ukimwacha mpaka saa tano na nusu ule wa pili hautokuja mpaka saa nane na kitu, na hapo umeharibu jioni. Kumwamsha taratibu, kufungua pazia, kuongea karibu yake, dakika tano anafungua macho mwenyewe. Isipokuwa anaumwa, anayeumwa mwache alale na mtafute mtu wa kumfuata mkubwa.

Ikitokea siku imeshaharibika, kalala dakika thelathini tu saa tatu na huwezi kurudisha, usisubiri achoke saa sita. Mlaze saa tano kamili kausingizi ka kuvukia, dakika ishirini, ikizidi sana ishirini na tano, mwamshe. Haka hakakusudii kumpumzisha, kanamvusha tu mpaka mrudi kutoka shule. Halafu ule mrefu unakuja kama saa nane kasoro robo, na kale ka jioni unakaacha siku hiyo.

Dalili: anasinzia njiani mkirudi, mkifika mlangoni macho kodo, na halali tena

Hili ndo lilinitesa kuliko yote na naona wengi wanauliza. Mtoto yuko mgongoni, jua la saa sita na nusu, mwendo wa kutikisika, joto la mwili wako, na yeye tayari yuko mwisho wa muda wake wa kukaa macho. Analala dakika nane, kumi. Ukimshusha anaamka, ukimpeleka kitandani saa saba na robo anacheka, anasimama kwenye kitanda, saa nane analia kwa uchovu na bado halali. Kinachotokea ni kwamba ule usingizi uliokuwa unajikusanya tangu saa nne na nusu, zile dakika nane zimeutoa yale makali yake. Hajapumzika, ila hana tena ule uzito wa kumwangusha.

Hapo unachagua njia moja, na uchague kabla hujatoka nyumbani, usichague njiani.

Njia ya kwanza ni kumzuia asilale kabisa. Kwenda unambeba mgongoni kama kawaida, kurudi unambadilisha anakaa mbele au ubavuni anaangalia barabara, au kama una kigari anakaa wima anamtazama dada yake. Yule mkubwa ndo msaada wenyewe, mwambie kazi yake ni kumuimbia mdogo mpaka nyumbani, watoto wa miaka mitano wanaipenda kazi hiyo kuliko unavyodhani. Kitambaa chenye maji kidogo kwenye miguu yake kinasaidia pia siku za joto. Usimpe kitu cha kutafuna akiwa mgongoni, humuoni, akipaliwa hutojua. Na kama hata kwa hayo bado anasinzia kila siku, basi yuko macho muda mrefu mno, rudi kwenye hesabu umcheleweshe kuamka ule wa kwanza kwa dakika kumi na tano, aamke saa tano kasoro robo badala ya nne na nusu.

Njia ya pili ni kukubali kwamba usingizi wake wa pili ni wa mgongoni. Akisinzia njiani, ukifika usimshushe. Endelea naye mgongoni dakika arobaini nzima, mpe mkubwa chakula, kunja nguo, tembea ndani. Nilifanya hivi wiki mbili na ilikuwa sawa kabisa, mgongo unauma lakini saa nane na nusu mtoto ana furaha. Ila usiwe karibu na jiko na yeye yuko mgongoni, iwe mkaa au gesi. Na hakikisha pua na mdomo viko wazi, kidevu hakijakandamizwa kifuani, na usimfunike uso kwa kitenge kizito kukinga jua, ndani mle joto linapanda haraka na hewa inakuwa nzito. Mwavuli ni bora.

Njia ya tatu ni ya siku ulizoshindwa. Kashalala dakika nane, kaamka, imeshatokea. Usipigane naye saa saba na robo. Weka kama dakika arobaini na tano mpaka saa nzima kutoka alipoamka, muache acheze, ale, halafu jaribu saa nane kasoro robo. Kwangu, akilala chini ya dakika kumi na tano njiani hii ilifanya kazi siku nyingi. Akilala zaidi ya dakika ishirini na tano nilikuwa nahesabu kwamba huo ni usingizi kamili mdogo, naanza hesabu upya, ule mrefu unakuja saa tisa, na wa saa kumi na nusu unafutwa.

Kwa wanaotumia gari, kile kiti cha mtoto ni cha safari tu, ukifika mtoe umlaze chali mahali tambarare hata kama ataamka, kichwa kikianguka mbele kwenye kiti kilichoinama kinabana njia ya hewa. Na bodaboda na mtoto mchanga hapana jamani, hata kama umechelewa, piga simu shule useme unachelewa dakika kumi.

Dalili: analala vizuri saa saba na robo ila dada yake anamuamsha

Hapa chanzo sio ukorofi wa mkubwa. Ametoka shule ana njaa na ana habari, amekaa asubuhi nzima bila wewe, na anakukuta unamwambia "shhh" mlangoni. Wangu alikuwa anakuja chumbani kila dakika mbili, "mama, mwalimu kasema kesho tuje na penseli ya rangi", "mama, naomba maji", na alikuwa na haki yake kabisa.

Kilichobadilisha ni kuweka vitu tayari kabla sijatoka. Chakula kwenye hotipoti, maji kwenye kikombe mezani, nguo za kubadilisha kwenye kiti. Na njiani nampa masikio yangu yote, habari zote za shule anamaliza njiani, hiyo inaendana na ile njia ya kwanza ya kumuweka mdogo macho kwa sababu kelele zipo. Tukifika anakula, mimi nalaza, nikitoka chumbani dakika ishirini za kwanza ni zake yeye, sio za vyombo. Nilimwambia hivyo waziwazi na nikalitimiza, siku ya nne akawa anafunga pazia na kuwasha feni mwenyewe kabla sijamwambia.

Feni nayo ina kazi mbili, inapoza na ule mvumo wake unafunika kelele za nje. Ndo maana umeme ukikatika saa nane mtoto anaamka palepale, joto linapanda na ghafla anasikia kila kitu. Ukiona anaamka kila mara baada ya dakika ishirini, kabla hujabadilisha ratiba angalia kama siku hizo umeme ulikatika. Mvue abaki na pampasi na singlendi, fungua madirisha ya pande mbili upepo upite, neti iendelee kuwepo.

Dalili: jioni anakuwa kama mtu mwingine, na usiku analala saa nne

Hii ni ya haraka. Usingizi wa mwisho umeisha saa ngapi? Ukiisha saa kumi na mbili jioni, hawezi kulala saa mbili. Weka mpaka, saa kumi na moja macho yawe wazi. Na kama siku hiyo amekosa ule wa mchana, usijaribu kuufidia saa kumi na mbili jioni, muwahishe usiku, saa moja kamili yuko kitandani, hata kama baba yake hajarudi. Mara nyingi hatoamka alfajiri zaidi kwa kuwahi kulala siku moja.

Dalili: ilikuwa inaenda vizuri mwezi mzima, ghafla imegoma

Siku mbili tatu za kugoma usibadilishe kitu, ni meno, mafua, au anajifunza kusimama na anafanya mazoezi kitandani. Ikipita wiki mbili mfululizo, basi umri umebadilika. Kati ya miezi sita na tisa wengi wanaacha kale ka jioni, utajua kwa sababu unakalazimisha na halali, au akikalala usiku anachelewa. Hapo unakafuta na kuwahisha usiku, na usingizi wa baada ya shule unauacha pale pale, tena unakuwa mrefu zaidi.

Mpito mgumu ni ule wa kati ya miezi kumi na tatu na kumi na nane, anapotoka kwenye usingizi wa mara mbili kwenda mara moja. Mwili wake unataka kulala saa sita mchana kamili, na saa sita ndo saa ya shule. Usijaribu kumlaza saa tano na nusu umuamshe saa sita, atakuwa na hasira siku nzima. Badala yake, muda wa mpito mpe kausingizi ka dakika kumi na tano mpaka ishirini saa tatu na nusu asubuhi, kanatosha kumfikisha saa saba. Chakula cha mchana ale saa tano na nusu kabla hamjatoka, sio mkirudi, mkirudi ni kunawa na kulala moja kwa moja saa saba mpaka saa tisa. Baada ya wiki nne mpaka sita kale ka asubuhi anakaacha mwenyewe, na kusema kweli huo usingizi mmoja wa saa saba unakaa na chekechea vizuri kuliko ratiba zote.

Mkubwa akipanda darasa akaanza kutoka saa nane na nusu au saa tisa na nusu, ndo unageuza: usingizi unaingia saa sita na nusu kabla ya shule na unaweka alamu nusu saa kabla ya kutoka, ili aamke, anywe maji, abadilishwe, asitolewe kitandani moja kwa moja juani.

Kama hakuna ratiba inayokubali

Zipo nyumba ambazo saa haziingiliani kabisa, hasa mtoto wa miezi mitano na shule ya mbali. Hapo usihangaike na usingizi, hangaika na nani anayefuata. Kuna mama mwingine wa darasa lile anapita njia yako, muombe siku tatu za wiki, na wewe umchukulie wake siku mbili, au umpelekee wake asubuhi kama yeye asubuhi ndo inamshinda. Mwambie mwalimu mapema, kwa jina na namba ya simu ya huyo mtu, na mtoto mwenyewe amjue, asije akakataa getini. Ila kumuacha mchanga amelala nyumbani peke yake, hata dakika kumi na tano, hata mlango umefungwa, hapana. Na kumuachia mtoto wa jirani wa miaka tisa ni hivyohivyo.

Likizo ya Juni na ya Desemba ratiba inalegea, na ilegee tu, ila ule usingizi wa saa tatu uache ulivyo hata kama hakuna shule. Ukishauachia ukaanza kuingia saa nne na nusu, wiki mbili au tatu kabla shule hazijafunguliwa Januari anza kuurudisha kwa zile dakika kumi na tano za kila siku mbili tatu, na siku mbili za mwisho tembeeni ile njia ya shule saa sita na robo, wote watatu, mrudi nyumbani saa saba kasoro, uone kama bado anasinzia njiani.